Bangili ya mazoezi inakataa akaunti yangu mpya

*Salaam fundi. Shemeji yangu anafanya kazi Dubai, na alipokuja likizo aliniachia bangili yake ya mazoezi, Xiaomi Smart Band 7. Kwenye Bluetooth ya simu naiona na imekubali kuungana. Lakini nikiingia Mi Fitness inatafuta, inaipata, halafu inaniambia imeshafungwa kwa akaunti nyingine. Shemeji anaapa kwamba programu alishaifuta kitambo. Nimeizima na kuiwasha mpaka nimechoka. Je, imeharibika? Msomaji, Mombasa.*

Wa alaykum salaam dada. Haijaharibika. Tena ujumbe huo una nafuu kuliko ungeambiwa "haionekani", maana unathibitisha kwamba betri, redio ya bangili na simu yako vyote vinafanya kazi. Kilichokwama kiko kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zinazotunza akaunti, na anayeweza kukikwamua ni shemeji, hata akiwa hukohuko Dubai.

Bangili za aina hii zina mafungamano mawili. Moja ni la Bluetooth, kati ya bangili na simu. La pili ni la akaunti. Siku shemeji alipoiunganisha mara ya kwanza, programu iliitambulisha bangili ile kwa seva, ikaandikwa chini ya jina lake, na ufunguo wa siri ukawekwa ndani ya bangili. Tangu hapo, programu yoyote inayotaka kusoma hatua au mapigo ya moyo lazima ije na ufunguo huo. Menyu ya Bluetooth ya simu haijui habari ya ufunguo wala akaunti. Ndiyo maana huko unaambiwa mmeungana, na bado huwezi kufanya chochote. Muungano huo hata unaweza kukukwaza, kwa hiyo ingia kwenye menyu ya Bluetooth, gusa jina la bangili na uchague "Forget" au "Unpair". Ukianza upya, anzia ndani ya programu.

Sasa kuhusu kiapo cha shemeji. Anasema kweli, ila kufuta programu kumeondoa programu tu. Jina lake bado limekaa kwenye seva. Ingekuwa hivyo hivyo hata kama angeuza simu yake.

Mwambie aiweke tena programu, aingie kwa akaunti yake, afungue ukurasa wa "Device", ateremke mpaka chini kabisa na aguse "Unpair". Bangili si lazima iwe karibu naye, anachohitaji ni intaneti.

Wengi wakifika hapo wanapiga simu kusema, "Nimeingia, lakini hakuna bangili yoyote humu." Ukisikia hivyo usikate tamaa. Karibu kila mara ameingia mlango usio wake, na milango iko mitatu.

Mlango wa kwanza ni namna ya kuingia. Nilikuwa na mteja aliyekuwa ameapa vilevile kwamba ana akaunti moja tu. Tulipofungua simu yake tulikuta ukurasa mtupu. Nikamuuliza mara ya kwanza aliingiaje, akafikiri kidogo, akasema dukani walimwandikia namba ya simu. Yeye sasa alikuwa anagusa alama ya Google kwa sababu ndiyo rahisi. Kumbe namba ya simu ilikuwa akaunti moja na Google ilikuwa imemfungulia nyingine mpya, na zote mbili ni zake. Tulitoka, tukaingia kwa namba, bangili ikaonekana palepale. Kwa hiyo muulize shemeji maswali mawili: aliingia kwa namba, barua pepe au Google? Na kama ni namba, ni ya Kenya au ya kule?

Mlango wa pili ni programu yenyewe. Smart Band 7 inakubali programu mbili, Mi Fitness na Zepp Life. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikiitwa Mi Fit hadi mwaka 2022. Kama shemeji aliitumia bangili ndani ya Zepp Life, atapekua Mi Fitness mpaka kesho asiione. Humo Zepp Life aende "Profile", aguse jina la bangili, ashuke chini mpaka "Unpair".

Wa tatu ni eneo. Programu inauliza nchi wakati wa kuingia, na taarifa zinahifadhiwa kwa eneo. Aliyejisajili akiwa Emirati, kisha leo akachagua Kenya, anaweza kukuta ukurasa mtupu kana kwamba hajawahi kuwa na kifaa. Achague nchi aliyoichagua mwanzo.

Akishaiondoa, kazi inabaki kwako. Ichaji bangili ipate moto wa kutosha, ingia "Settings" yake na utafute "Factory reset". Hii inafuta vilivyobaki ndani ya bangili, ukiwemo ule ufunguo wa zamani. Rekodi za shemeji zilizokwisha kupanda kwenye akaunti yake hazidhuriki kwa hatua hii. Bangili itawaka upya kama imetoka kiwandani. Hapo ndipo ufungue programu kwenye simu yako, uongeze kifaa, na ukubali kwenye kioo cha bangili itakapokuuliza. Usiondoke karibu, maana ikikosa jibu kwa muda hughairi.

Kuna watu huanza na "Factory reset" moja kwa moja bila kumsumbua mwenye akaunti. Jaribu ukitaka, wakati mwingine inatosha. Lakini kama ukimaliza ujumbe ni uleule wa akaunti nyingine, usirudie mara kumi, kwa sababu jina liko kwenye seva na bangili haina uwezo wa kulifuta huko.

Angalia vilevile ujumbe ukibadilika. Ukiacha kusema habari ya akaunti na kuanza kusema kifaa hakionekani, umevuka kikwazo kimoja na umekutana na kingine kidogo. Kwenye Android 12 na kuendelea, programu inahitaji ruhusa ya "Nearby devices". Kwenye Android 6 mpaka 11 inahitaji ruhusa ya mahali, na "Location" ya simu iwe imewashwa, hata kama huna haja ya ramani. Na kama kuna simu nyingine nyumbani uliyojaribia bangili hiyo, izime Bluetooth, kwa kuwa bangili iliyoshikwa na simu moja kwa kawaida haijitangazi kwa nyingine. Ikionekana lakini ikakwama katikati ya kuunganisha, tazama intaneti, kisha saa na tarehe ya simu. Simu yenye tarehe ya mwaka uliopita hukataliwa na seva bila maelezo ya maana.

Ikiwa shemeji amesahau nywila na laini aliyojisajilia ilishakatwa, ajaribu kurudisha akaunti kwa barua pepe kabla ya kitu kingine chochote. Ikishindikana, aandikie huduma kwa wateja ya Xiaomi akiwa na namba ya bangili na risiti ya ununuzi. Usishushe programu zilizochokonolewa zinazodai kuvunja kufuli hili: zitakuomba uweke nywila ya akaunti yako, na hutajua imeishia mikononi mwa nani.