Wateja wangu wamehamia saluni mpya

"Nasuka nywele mtaani Umoja. Tangu saluni kubwa ifunguliwe karibu, wateja wangu wa kila mara wanapotea. Nipunguze bei?"

Usipunguze, dada, saluni hiyo itaweza kushuka zaidi yako. Pitia jumbe zako za M-Pesa uandike nani alisuka lini. Rasta hukaa wiki sita hadi nane, basi mpigie kila mmoja wiki ya sita, umwambie utamfumua bure akisuka kwako. Wakati huo ndio anaamua aende wapi.

Akija, angalia kwanza nywele za pembeni mwa uso. Ukiona vipele au zimekatika, huenda zilivutwa mno: msukie mistari mikubwa iliyolegea, na umweleze sababu. Palipoanza upara, usisuke kabisa. Aone daktari wa ngozi mapema.