Gawaneni saa, si kurasa

Swali la juma: "Sisi ni watano katika kazi ya kikundi na hatukubaliani hata jinsi ya kuanza. Tugawane vipi, na tujiwekee tarehe gani kabla ya ile ya mwalimu?"

Nimepitia hali hiyo katika kazi ya siku 21, tuliyopewa kuchunguza jinsi wanafunzi wanavyotumia maktaba. Wawili wetu walitaka hojaji, wawili walitaka mahojiano, na wa tano alinyamaza. Tulichofanya ni kuuwekea ubishi wenyewe tarehe ya mwisho: siku ya 4 jioni. Kabla ya hapo, kila upande ulipewa siku mbili kuijaribu njia yake kwa udogo, hojaji kwa watu sita na mahojiano kwa watu wawili, kisha ulete matokeo pamoja na saa zilizotumika.

Majaribio hayo yalituonyesha mambo ambayo mabishano yasingeyafichua. Mahojiano ya nusu saa yalimchukua mwenzetu saa mbili kuyaandika neno kwa neno kutoka kwenye rekodi, kwa hiyo mahojiano kumi yangekula saa ishirini kabla hata ya uchambuzi kuanza. Hojaji nayo ilikuwa na kasoro yake: swali la nne, "Unatumia maktaba mara ngapi?", wengine walilijibu kwa wiki na wengine kwa muhula. Tukakubaliana kusambaza hojaji arobaini baada ya kulirekebisha swali hilo, na kufanya mahojiano matatu tu ya kufafanua majibu yaliyotutatiza. Hakuna aliyehisi ameshindwa, kwa sababu kila mmoja aliiona hesabu ikifanywa mbele yake.

Katika kugawana, nawasihi msigawane kurasa. Kurasa tatu za utangulizi na kurasa tatu za uchambuzi hazina uzito mmoja. Sisi tuliorodhesha kazi zote, kisha kila mtu akaandika kimya kimya makadirio yake ya saa kwa kila kazi, tukayafunua kwa pamoja. Kwenye uchambuzi wa hojaji mmoja aliandika saa tatu na mwingine kumi. Huyo wa saa kumi alikuwa amehesabu kuingiza majibu kwenye jedwali, ilhali yule wa saa tatu alidhani yangefika yakiwa tayari yameingizwa. Makadirio yakiachana namna hiyo, jueni kwamba watu wanazungumzia kazi mbili tofauti, na hapo ndipo ugomvi wa wiki ya mwisho huzaliwa.

Hata makadirio mliyokubaliana yaongezeeni nafasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na Roger Buehler na wenzake, wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu walikadiria kwa wastani siku 33.9, lakini walitumia 55.5, na hata walipoambiwa wakadirie kama kila kitu kingekwenda vibaya hawakufika hapo.

Ndiyo maana tarehe zetu tulizihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Siku ya 18 ripoti nzima iwe imeunganishwa. Siku ya 15 rasimu za sehemu zote ziwe zimefika. Siku ya 10 hojaji zote ziwe zimerudi, na kumi na tano za kwanza zifike mapema zaidi ili mchambuzi aandae majedwali yake bila kungoja zilizosalia. Kufika kulikuwa na maana moja tu, nayo ni faili ambalo mwenzako anaweza kulifungua na kuendelea nalo bila kukupigia simu. Kauli ya "nimekaribia kumaliza" haikuhesabiwa.

Siku tatu za mwisho zinaweza kuonekana nyingi, lakini kuunganisha ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote. Siku ya 18 tuligundua kwamba sehemu moja iliwaita watu "watumiaji" na nyingine "washiriki". Baya zaidi, maandishi yalisema hojaji 40 na jedwali likasema 38, kwa kuwa mchambuzi aliziondoa mbili zilizojazwa nusu bila kumwambia aliyekuwa akiandika. Kosa hilo lilirekebishwa kwa sentensi moja ya maelezo. Lingeonekana usiku wa kuamkia kuwasilisha, tungeanza kutafuta wa kulaumiwa.

Amueni pia tangu siku ya kwanza itakuwaje mtu akichelewa. Sisi tulikubaliana kwamba zikipita saa 24 baada ya tarehe, sehemu yake inapunguzwa au inahamishwa, na aliyeipokea anaondolewa kazi nyingine yenye saa zinazolingana. Ilitumika mara moja: aliyechelewesha mahojiano ya tatu alibaki na mawili, naye akachukua upangaji wa marejeleo kutoka kwa mwenzake aliyemalizia lile la tatu.

Utaratibu huu haumfikii mtu asiyetokea kabisa. Huyo mpelekeni kwa mwalimu mara tarehe ya pili ya ndani inapompita, mkiwa na orodha ya kazi na tarehe mlizokubaliana naye, wakati mwalimu bado ana nafasi ya kuwapunguzia kazi au kumpangia mwenzenu kazi ya peke yake.