Nilikataa kukopa kikoba

Swali la wiki: "Ni jambo gani lilikuonyesha kwamba mwenzi wako anakuheshimu, au hakuheshimu?"

Kwangu ilikuwa hela ya kikoba. Nilinunua hisa mbili kila Jumamosi, shilingi 5,000 kila moja, na baada ya wiki 40 akiba yangu ikafika 400,000. Katiba ya kikundi chetu inaruhusu kukopa hadi mara tatu ya akiba, ukiwa na wadhamini wawili. Mchumba niliyekuwa naye akapiga hesabu hiyo haraka kuliko mimi. Akataka nichukue 1,200,000 atangulize malipo ya bodaboda, marejesho atafanya yeye. Nikakataa, maana akichelewesha rejesho, watakaobanwa ni wadhamini wangu, wanawake ninaoishi nao mtaa mmoja.

Hakufoka. Alisema, "Sawa mpenzi, nimekuelewa," nami nikalala nikijua nimepata mtu. Hapo ndipo wengi tunapokosea, tunapima jibu la dakika ile ile. Kuanzia kesho yake hakupokea simu zangu siku nne. Alipojitokeza alikuja na kitenge, na kabla sijakikunjua akauliza kama nimefikiria tena. Nilipokataa mara ya pili alimfuata mweka hazina wetu, akamuuliza kama mkopo wangu unaweza kutoka bila mimi kufika kikaoni. Yaani mlango wa mbele umefungwa, akazungukia uani. Mweka hazina aliponiambia, uchumba nikauvunja.

Sisemi mwenzio asikasirike. Aliyekataliwa ana haki ya kuumia. Mume niliye naye sasa nilimkatalia 300,000 za kummalizia fundi wa paa, kwa sababu hela ile ilikuwa ya ada ya mtoto. Uso ulimshuka. Akasema wazi, "Nilikuwa naitegemea, mke wangu," kisha akampigia fundi pale pale kumwomba asubiri mwezi mmoja. Usiku tulikula pamoja na maongezi yakawa yale yale. Nilimwangalia wiki mbili nzima. Hakurudia ombi, hakumtuma wifi, wala hakunitajia paa siku nilipomwomba nauli.

Wewe unayesoma, kama kukataa tu kunakutia hofu ya kupigwa, tafadhali usimkatalie ili umpime. Mweleze kwanza ndugu unayemwamini, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto, lipo katika vituo vingi vya polisi hapa Tanzania.

Tulipovunja kikoba mwezi Desemba, shemeji yangu alikuja kumwomba kaka yake aniambie nimkopeshe. Nilikuwa jikoni, nikamsikia mume wangu akimjibu, "Hela ni yake na ina kazi yake. Kamwombe mwenyewe, na akikataa usirudi kwangu."