Picha nane za pasipoti kwenye karatasi moja, na vipimo visipotee njiani

Kupanga picha za pasipoti kwenye karatasi moja si kazi ngumu. Ugumu ni kuhakikisha kwamba milimita 45 uliyopanga kwenye skrini inatoka milimita 45 kwenye karatasi. Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, na watu wengi huja na picha zilizochapishwa kwingine, zinapendeza kabisa, lakini ukiweka rula juu yake unakuta zimepungua. Kwa hiyo leo nieleze jinsi ninavyoandaa shiti ya picha nane kwenye karatasi ya 4R, ile ya milimita 102 kwa 152, na kwa nini naihifadhi kama PDF badala ya JPG.

Kwanza uliza kipimo. Usidhani kila picha ya pasipoti ni sawa. Viza ya Marekani inataka mraba wa milimita 51 kwa 51. Viza za Shengeni, Ujerumani ikiwemo, zinataka milimita 35 kwa 45, na kichwa chenyewe, kuanzia kidevuni hadi utosini, kiwe kati ya milimita 32 na 36. Nitatumia hiki cha 35 kwa 45.

Kata picha kabla ya kuipanga. Uwiano wa 35 kwa 45 ni 7 kwa 9, na picha ya simu mara nyingi huwa 3 kwa 4. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ukiilazimisha picha ya 3 kwa 4 iingie ndani ya 35 kwa 45 bila kuikata, uso unafupishwa na mashavu yanapanuka. Katika GIMP chukua zana ya kukata, washa `Fixed`, chagua `Aspect ratio`, andika `7:9`, kisha vuta kisanduku mpaka kichwa kichukue kama robo tatu ya urefu wa picha. Baada ya kukata, angalia pikseli zilizobaki. Ili itoke safi kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji angalau 413 kwa 531. Mtu aliyepigwa akiwa mbali, kisha picha ikatumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, mara nyingi hafikii hapo, na kuongeza pikseli kwa programu hakurudishi macho yaliyokwisha kufifia. Mwambie akutumie upya kama dokumenti, au mpige picha nyingine.

Sasa kupanga. Natumia LibreOffice Draw kwa sababu ni ya bure na inakuruhusu kuandika milimita moja kwa moja. Fungua `Page > Page Properties`, weka upana 152 mm na urefu 102 mm, karatasi ikiwa imelala. Ingiza picha, bonyeza `F4`, ondoa alama ya `Keep ratio`, kisha andika upana 35 mm na urefu 45 mm. Kwa kuwa ulishakata kwa 7 kwa 9, hakuna kitakachovutika. Kwenye nafasi, X iwe 4.5 mm na Y iwe 5.5 mm.

Usiburute nakala kwa mkono. Chagua picha, bonyeza `Shift+F3`, weka `Number of copies` 3 na `X axis` 36 mm, huku Y ikiwa sifuri. Unapata mstari wa picha nne zenye mwanya wa milimita moja katikati. Chagua zote nne, `Shift+F3` tena, nakala 1, X sifuri na `Y axis` 46 mm. Picha nane zimekaa, na pembeni zimebaki milimita 4.5 kushoto na kulia, 5.5 juu na chini. Ukingo huo una kazi yake: printa nyingi za wino haziwezi kuchapisha milimita 3 hivi za mwisho.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii mpaka wakiwa wameshika kisu. Picha hizi zina mandhari meupe, na karatasi ni nyeupe. Ukishachapisha, huoni picha inaishia wapi. Wengine huzungushia kila picha mstari mweusi, halafu mstari ule unabaki kwenye picha baada ya kukata, na hapo ofisa ana sababu ya kuikataa. Mimi nachora mstatili wa kijivu hafifu, usio na mstari wa pembeni, wa milimita 145 kwa 93, nauweka kwenye X 3.5 na Y 4.5, kisha naubofya kulia na kuchagua `Arrange > Send to Back`. Kijivu kinaonekana kwenye mianya na pembeni tu. Unakata kwenye ukingo wa picha, kijivu chote kinaenda kwenye takataka.

Hifadhi kwa `File > Export As > Export as PDF`, na kwenye sehemu ya picha chagua `Lossless compression`. Sababu ya PDF ni hii: ukurasa wake umeandikwa ukubwa halisi. JPG ni pikseli tu pamoja na maelezo ya nukta kwa inchi, ambayo programu nyingi huyapuuza na kuijaza picha kwenye karatasi yoyote iliyopo.

Hata hivyo PDF nzuri inaweza kuharibiwa dakika ya mwisho, kwenye dirisha la kuchapisha. Mama mmoja alikuja na shiti ya A4 ya binti yake aliyekuwa akiomba viza ya Ujerumani.

"Mwanangu, hizi wamezikataa, eti kichwa ni kidogo. Na ni kamera ileile!"

Nilipima. Picha zilikuwa 33 kwa 42, na kichwa 31. Nikifungua faili lenyewe, kila picha ilikuwa 35 kwa 45 na kichwa 33. Ukigawa 33 kwa 35 unapata kama asilimia 94, na namba hiyo inamtaja mkosaji: A4 ina urefu wa milimita 297, karatasi ya Letter ya Kimarekani ina 279, na 279 kwa 297 ni asilimia 94. Printa ya waliomchapishia ilikuwa imewekewa Letter, na `Fit` ikaufinya ukurasa wote. Picha haikuwa na kosa. Nilichapisha faili lilelile, karatasi A4, `Actual size`, na rula ikasoma 45.

Kwa hiyo ukituma PDF yako kwa saiba, itume kama dokumenti na uandike maneno mawili pamoja nayo: 4R, `Actual size`. Kama printa ina `Borderless`, izimwe, kwa sababu hukuza ukurasa kidogo ili wino ufike hadi ukingoni, na picha zako zinazidi 45. Omba wachapishe kwanza kwenye karatasi ya kawaida na upime picha moja. Ikiwa sawa, ndipo karatasi ya kung'aa iingie, na kabla ya kukata iache ikauke vizuri, maana wino mbichi huacha alama ya kidole usoni.