Umbali wa momenti: alama ya rula si umbali kutoka egemeo

Shikamoo mwalimu. Rula ya mita imeegemezwa kwenye alama ya sm 50. Mzigo wa 2 N unaning'inia alama ya sm 20. Tunatafuta pa kuning'iniza mzigo wa 3 N ili rula itulie. Nimeandika 2 × 20 = 3 × d, nikapata d = 13.3. Kitabu kinasema alama ya sm 70. Nani amekosea?

Marahaba. Kitabu kiko sahihi. Hiyo 20 uliyoiandika ni alama iliyochapwa kwenye rula, na alama za rula huanza kuhesabiwa mwisho wa rula. Rula haizunguki kwenye mwisho wake, inazunguka kwenye egemeo. Umbali unaohitajika ni 50 − 20, yaani sm 30. Momenti ya mzigo wa 2 N ni 2 × 30 = 60. Gawa kwa 3, unapata 20, nayo ni sm 20 kutoka egemeo kwenda kulia. Ukitaka alama, jumlisha: 50 + 20 = 70.

Angalia mtego ulipo. Namba 20 imetokea mara mbili katika swali moja kwa maana mbili tofauti: mwanzoni ni alama, mwishoni ni umbali. Anayeandika namba bila kuchora hawezi kuziona zikipishana. Kwa hiyo kabla ya kuandika alama ya "sawa na", chora mstari wa rula, weka pembetatu ya egemeo, kisha chora mshale kutoka egemeo hadi kila mzigo na uandike urefu wa mshale huo. Namba zinazoingia kwenye hesabu ni za mishale peke yake.

Jambo jingine. Wengi mmefundishwa kukagua jibu kwa kuuliza kama mzigo mzito uko karibu na egemeo kuliko mwepesi. Ukaguzi huo ni mzuri lakini hautoshi. Jibu lako la 13.3 linaupita, maana 13.3 ni ndogo kuliko 30, na bado si sahihi. Ukaguzi usiodanganya ni kurudisha jibu kwenye mchoro: upande wa kushoto 2 × 30 = 60, upande wa kulia 3 × 13.3 = 40. Rula hiyo itaanguka kushoto.

Swali hili hunifikia kila mara likiwa limebadilishwa namba tu. Ukiwa na la kwako la aina hii, chora kwanza. Ukishachora, mara nyingi hutakuwa na haja ya kuliuliza.

Kaka yangu yuko chuo, anasema unaweza kupima umbali kutoka popote, hata mwisho wa rula, na hesabu itakubali. Walimu mnasema lazima egemeo. Tumwamini nani?

Kaka yako yuko sahihi, ila amekuachia nusu ya maelezo, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowaangusha watu kwenye mtihani.

Rula inapotulia, mizigo haiko peke yake. Egemeo nalo linaisukuma rula kwenda juu. Katika swali lililotangulia, tukiuacha uzito wa rula, mizigo inavuta chini kwa 2 + 3 = 5 N, kwa hiyo egemeo linasukuma juu kwa 5 N. Ukipima umbali kutoka egemeo, nguvu hiyo ya 5 N iko umbali wa sifuri, momenti yake ni sifuri, na ndiyo maana haionekani kwenye hesabu. Iko pale pale, ila haina mkono wa kuizungusha rula.

Sasa pima kutoka mwisho wa kushoto, alama ya sifuri. Mizigo inazungusha kwa mwelekeo wa saa: 2 × 20 + 3 × 70 = 40 + 210 = 250. Egemeo linazungusha kinyume chake: 5 × 50 = 250. Zimelingana. Kwa hiyo ndiyo, sehemu yoyote inafaa, mradi uhesabu kila nguvu, ikiwemo ya egemeo, na umbali wote upimwe kutoka sehemu hiyo hiyo moja.

Mwanafunzi aliyeandika 2 × 20 = 3 × d hakufanya hivyo. Alipima mzigo mmoja kutoka mwisho wa rula, mwingine kutoka egemeo, na nguvu ya egemeo akaisahau. Huko si kuchagua sehemu nyingine ya kupimia, ni kuchanganya sehemu mbili katika mstari mmoja. Kwa kidato cha pili, pima kutoka egemeo. Siku utakapokutana na boriti yenye nguzo mbili, ndipo maneno ya kaka yako yatakuwa na kazi kubwa: utapima kutoka nguzo moja ili nguvu yake ipotee kwenye hesabu, ubaki kutafuta ya nguzo ya pili.

Boriti ya mita 4, uzito wake 100 N, imeegemezwa mita 1 kutoka mwisho wa kushoto. Mwisho wa kushoto kuna mzigo wa 250 N. Mwisho wa kulia uwekwe mzigo gani? Nimefanya 250 × 1 = X × 3, X = 83.3 N. Umbali wangu si uko sawa?

Umbali wako wote miwili uko sawa, hongera kwa hilo. Kilichokosekana ni mzigo wa tatu, yaani boriti yenyewe.

Boriti iliyo sawa unene kutoka mwisho hadi mwisho huchukuliwa kama uzito wake wote uko katikati, hapa mita 2 kutoka kila upande. Egemeo liko mita 1 kutoka kushoto. Kwa hiyo katikati ya boriti iko mita 1 upande wa kulia wa egemeo, na uzito wa boriti unausaidia mzigo wa kulia. Andika hivi:

250 × 1 = 100 × 1 + X × 3

Upande wa kulia 100 inatolewa, inabaki 150 = 3X, na X ni 50 N.

Wanaokumbuka uzito wa boriti mara nyingi hukosea hatua inayofuata. Wanajua katikati ni mita 2, basi wanaandika 100 × 2, na wanapata X = 16.7 N. Ni kosa lile lile la swali la kwanza kwa sura nyingine: mita 2 ni umbali wa katikati kutoka mwisho wa boriti, si kutoka egemeo. Ukiona 16.7 kwenye daftari la mwenzako, huhitaji kusoma kazi yote, unajua alikopotelea. Ukiona 83.3, amesahau uzito.

Swali la kwanza halikuhitaji uzito wa rula kwa sababu egemeo lilikuwa katikati kabisa, uzito ukawa na umbali wa sifuri. Egemeo likihamishwa hata kidogo kutoka katikati, uzito unaingia. Swali lisipotaja uzito wa boriti, litafute neno "nyepesi" au "puuza uzito". Kama halipo na egemeo haliko katikati, huenda uzito ndicho kitu unachotakiwa kukitafuta.

Mizigo miwili iko upande mmoja: 2 N umbali wa sm 10 na 3 N umbali wa sm 30. Naruhusiwa kuijumlisha iwe 5 N, halafu nitumie umbali wa wastani, sm 20?

Hapana. Kila mzigo na umbali wake, kisha jumlisha momenti: 2 × 10 + 3 × 30 = 110. Njia yako inatoa 5 × 20 = 100. Wastani ule wa kawaida unakubali pale tu mizigo miwili inapolingana uzito. Hapa mzito uko mbali, kwa hiyo nguvu ya pamoja ya 5 N ni kama iko sm 22, si 20. Na wale wanaojumlisha umbali pia, wakaandika 5 × 40 = 200, waache mara moja. Hakuna kitu chochote kilichoko sm 40 kwenye rula hiyo.

Ni lazima kubadili sm kuwa m?

Kwa kutafuta mlingano, si lazima, ilimradi pande zote ziwe kwa kizio kimoja. Ukiulizwa momenti kwa Nm, badili.

Boriti ikiwa imeinama, umbali unapimwa kwa kufuata boriti au kwa mlalo?

Umbali wa kweli wa momenti ni ule unaokutana na mstari wa nguvu kwa pembe mraba. Uzito huvuta wima kwenda chini, kwa hiyo kwa boriti iliyoinama umbali huo ni wa mlalo, na ni mfupi kuliko urefu unaoufuata kwenye boriti. Lakini kama nguvu zote ni uzito na zote ziko kwenye mstari mmoja na egemeo, umbali wote unafupika kwa kiwango kimoja. Ukitumia urefu wa kwenye boriti pande zote mbili, mlingano hautaharibika. Momenti yenyewe ndiyo utakayoikosea.

Shida inaanza nguvu moja inapovutwa kwa kamba iliyolala upande. Tuseme ubao umelala sawa, na kamba inavuta kwa 20 N ikiwa imefungwa mita 0.6 kutoka egemeo, na inafanya nyuzi 30 na ubao. Umbali si 0.6. Ni 0.6 × sin 30°, yaani mita 0.3, na momenti ni 6 Nm. Anayeandika 12 Nm amezidisha mara mbili kamili.

Tumefanya jaribio maabara, hesabu zetu zinalingana kwenye karatasi lakini rula inaanguka upande mmoja. Tumekosea wapi?

Je, mliitulisha rula tupu kwanza? Wengi huweka egemeo kwenye sm 50 kwa kuwa ndiyo katikati ya namba. Rula ya mbao iliyolika mwisho inaweza kutulia sm 49.6. Mkiweka egemeo 50, uzito wa rula unakuwa umbali wa sm 0.4 kutoka egemeo, nanyi hamkuuandika. Rula ya 1 N itavuta kushoto kwa momenti ya 0.4 Nsm. Tafuteni kwanza pale inapotulia ikiwa tupu, wekeni egemeo hapo, na umbali wote upimwe kutoka hapo, si kutoka 50.

Kisha tazameni mizigo. Mzigo uliokaa juu ya rula una upana. Ukiwa na upana wa sm 3 na mkasoma alama ya ukingo wake wa ndani, umbali umepungua kwa sm 1.5. Someni katikati ya mzigo, au uning'inizeni kwa uzi mwembamba na msome pale uzi unapogusa rula, jicho likiwa juu yake moja kwa moja. Uzi nao huteleza rula ikiinama, kwa hiyo someni tena baada ya rula kutulia, msiandike namba mliyoikusudia kabla ya kuuweka.