Wanasema nimenuna: je, nitabasamu zaidi?

SWALI: Nina miaka 41, nakaa mapokezi kwenye zahanati binafsi. Tangu nikiwa shule naambiwa nimenuna wakati sina neno na mtu. Juzi mgonjwa kaandika malalamiko kwamba nilimpokea kwa dharau. Bosi ameniamuru nitabasamu muda wote. Nimejaribu wiki mbili, mashavu yananiuma, na mwenzangu anasema ndiyo natisha zaidi. Kuna saluni wanachoma sindano ya kulegeza uso. Nichome?

JIBU: Usichome, dada yangu. Ya sindano nitayafikia, lakini kwanza tumalizane na hili la tabasamu, maana sipitishi mwezi bila mtu kukaa kwenye kiti changu akiniambia ameamriwa na bosi, mume au mama mkwe "achangamshe uso". Ushauri huo unanichosha kwa sababu unashughulikia mdomo, na mara nyingi kinachosomwa kama hasira hakiko mdomoni. Kiko kwenye nyusi.

Weka kidole katikati ya nyusi zako, kisha jaribu kusoma maandishi madogo yaliyo mbali kidogo. Utasikia ngozi inajikusanya chini ya kidole. Huo ni msuli mdogo unaovuta nyusi ndani na chini, ule unaotukunjisha ndita. Tunaufahamu kwa hasira, lakini hasira ni moja tu ya kazi zake. Unakaza pia tukipigwa na jua, tukihesabu fedha kichwani, tukisikiliza mtu anayeongea kwa sauti ya chini, na zaidi ya yote macho yakihangaika kuona. Mwaka 1872 Charles Darwin aliandika kwamba mtu hukunja paji la uso anapokutana na ugumu katika fikra au katika kazi. Anayekutazama kutoka upande wa pili wa kaunta haoni ugumu wa kazi yako. Anaona ndita, na anadhani ni zake.

Nimewahi kuwa na mteja ambaye kazi yake ilifanana na yako, alikuwa mtoa dawa dirishani. Naye alikuwa na malalamiko ya maandishi na naye alikuwa ameamriwa kutabasamu. Kwa ridhaa yake na ya mwajiri tuliegesha simu kwenye rafu, ikamrekodi yeye peke yake kwa dakika ishirini, kisha tukaitazama pamoja tukisimamisha picha kila anapoinua uso.

Alipokuwa hafanyi kitu sura yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hata ya upole. Akipokea karatasi ya daktari, mwandiko wa kukwaruza, nyusi zilishuka na macho yakawa membamba. Hapo hakuna kosa, anasoma. Lakini mgonjwa akisema "samahani dada", aliinua macho tu. Kichwa kilibaki kimeinama na nyusi zilibaki zimekunjwa kwa muda mfupi baada ya macho kuhama. Kwa hiyo mgonjwa alipokea sura iliyokuwa ya mwandiko. Kisha, akikumbuka amri ya bosi, midomo ilitanuka. Tuliposimamisha picha hapo alishika mdomo kwa mshtuko: juu ndita, chini tabasamu. Mchanganyiko huo watu wetu wanausoma kama kejeli. Ndiyo maana nahisi mwenzako hakukuonea aliposema unatisha zaidi.

Suala la kichwa kuinama lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2019 watafiti Zachary Witkower na Jessica Tracy, wa Kanada, walionyesha watu sura zisizo na hisia yoyote, kichwa kikiwa sawa na kikiwa kimeinama kidogo. Ikiinamishwa, sura ileile ilisomwa kuwa ya mtu mkali na wa kutaka kutawala. Hakuna msuli uliosogea. Kichwa kikiinama, nyusi zikitazamwa kutoka mbele huonekana zimeshuka na kutengeneza umbo la herufi V, na macho yetu yanadanganyika. Sasa fikiria kaunta nyingi za mapokezi: kompyuta iko chini, mgonjwa amesimama, na mhudumu anamtazama kwa macho ya juujuu kama mtu anayechungulia juu ya miwani. Hata mtu mwenye bashasha ya kuzaliwa ataonekana kauzu kwenye kiti hicho.

Kwa yule mtoa dawa tulibadilisha mambo mawili. Kwanza alikwenda kupimwa macho, ikagundulika anahitaji miwani ya kusomea. Wewe una miaka 41, na ni kuanzia umri huohuo lenzi ya jicho hupungukiwa uwezo wa kujikunja ili kuona karibu. Anza hapo, kabla ya kitu kingine chochote. Ukijikuta unasogeza simu mbali ili uisome, au kichwa kinauma jioni juu ya macho, hizo ni dalili za kutosha. Pili tuliinua kompyuta mpaka ukingo wake wa juu ukawa usawa wa macho, kisha akajizoeza kitu kimoja: mtu akifika, kidevu kinainuka kwanza, macho yanafuata. Kidevu kikiinuka, umbo lile la V linavunjika lenyewe. Alijizoeza siku chache kwa kuweka alama ya kalamu ukutani usawa wa uso wa mtu aliyesimama.

Kisha nyusi. Mtu anayekutana na mwenzake anayemfahamu huinua nyusi mara moja, haraka sana, halafu zinashuka. Irenäus Eibl-Eibesfeldt, mtafiti wa tabia kutoka Austria, aliipiga filamu ishara hiyo katika jamii nyingi zilizo mbalimbali, na hata sisi tunaifanya barabarani bila kujua tukimwona jirani ng'ambo. Inaweza kufanya kile unachokidai kwenye tabasamu: inamwambia mtu "nimekuona". Na nyusi zikiinuka hivyo, ule msuli wa ndita kwa kawaida huachia. Inua kidevu, inua nyusi, sema karibu. Mgonjwa amekwishapokelewa na mashavu yako hayajafanya kazi yoyote.

Je, tabasamu halina nafasi? Linayo, ila si muda wote. Tabasamu linalosomeka kuwa la kweli lina mwanzo na mwisho, huja taratibu baada ya macho kukutana, huvuta pembe za mdomo na kusukuma mashavu mpaka ngozi pembeni mwa macho inajikunja, halafu huondoka. La kubandikwa asubuhi na kubanduliwa jioni halina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo halimwambii mtu yeyote kwamba ni lake. Tena wewe uko zahanati. Mama aliyebeba mtoto anayechemka homa, ukimpokea kwa meno nje, atakuona unamcheka. Huyo anahitaji "pole", sauti iliyoshuka, na macho yaliyomwelekea mtoto. Bosi wako amri yake haikumfikiria huyo mama. Mwoneshe aya hii ukipenda.

Niseme pia ambacho hakitabadilika. Wapo watu walioumbwa na nyusi zilizo karibu na macho, midomo myembamba au pembe za mdomo zinazoelekea chini, na umri nao huzishusha zaidi. Uso wa namna hiyo ukitulia unafanana kidogo na uso wa hasira, na jicho la mwanadamu hukimbilia mfanano huo. Watafiti wa kampuni ya Noldus waliwahi kupitisha kwenye FaceReader, programu yao ya kupima hisia usoni, picha za watu mashuhuri wanaosemwa kuwa na sura ya kununa, akiwemo Malkia Elizabeth wa Uingereza. Sura ya kawaida iliyotulia ilionyesha kama asilimia 3 tu ya chembe za hisia, na sura hizi za kununa zilifika karibu asilimia 6, nyingi zikiwa za kitu kinachofanana na dharau. Yaani tofauti yenyewe ni ndogo kiasi hicho. Na programu iliikuta kwa wanaume na wanawake sawasawa. Ila mwanaume akiwa nayo tunasema yuko makini, mwanamke tunasema amenuna. Hilo ni la watazamaji, wala halitibiwi usoni pako.

Ndiyo maana nawakasirikia wanaojiita wasoma sura, wale wanaofundisha mameneja kumtambua "mfanyakazi mwenye kiburi" kwa kumtazama dakika moja kwenye usaili. Uso uliotulia hauelezi mtu anahisi nini. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi mno wakahitimisha kwamba huwezi kuitambua hisia ya mtu kwa uhakika kutokana na mikunjo ya uso peke yake. Anayekwambia anaweza, anakuuzia semina. Na wanaouza mazoezi ya uso ya "kuondoa sura ya kununa" wako kundi hilohilo, kwa sababu hakuna zoezi la mashavu litakalozuia nyusi zako zisikunjwe wakati hauoni vizuri.

Sasa sindano. Inayochomwa kati ya nyusi ni sumu ya bakteria wa botulinum iliyosafishwa, ambayo tunaiita botoksi. Inazuia mshipa wa fahamu kuuamuru msuli ukaze. Kwenye mikono ya daktari aliyesomea, kwa dawa halisi, inapunguza ndita kweli, na hudumu miezi mitatu hadi minne, kisha unalipa tena. Lakini ikisambaa kidogo isikotakiwa, kope la juu linashuka, na hapo wewe uliyeitwa mwenye dharau utaanza kuitwa mwenye usingizi kazini. Kupunguza kipimo baada ya kuchomwa haiwezekani. Unasubiri wiki kadhaa mpaka ijiondoe.

Saluni ndiyo inayonitisha. Mwaka 2024 nchini Marekani, kwenye nchi yenye udhibiti wa dawa, watu katika majimbo kadhaa waliugua baada ya kuchomwa botoksi bandia au na watu wasio na leseni, na baadhi yao walilazwa. Uliza saluni yako maswali matatu: anayechoma ana leseni gani ya udaktari, kichupa kina jina na namba ya toleo, na kilihifadhiwa kwenye jokofu tangu wapi. Ukijibiwa kwamba "wateja wetu wote wameridhika", chukua mkoba wako uondoke.

Kama kuna msomaji ambaye amekwishachoma, dalili za kuangalia si kope peke yake. Kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, shingo kushindwa kubeba kichwa, pumzi kuwa fupi: hizo zinaweza kuanza saa chache hadi wiki kadhaa baada ya sindano, na zinaweza kumaanisha sumu imesafiri. Usirudi saluni kuuliza. Nenda hospitali mara moja, na kama unaweza, nenda na kichupa au picha yake.