Mtoto anapoijibu televisheni, sikiliza anajibu lini

Wazazi wakija kuchukua watoto jioni hapa Tabata ninakofundisha chekechea, suala la katuni halikosi kuzungumzwa. Mara nyingi linakuja kama malalamiko: "Mwalimu, huyu anataka kipindi kile kile kila siku, hadi bibi yake ameshazijua nyimbo zote. Nimtafutie kingine?" Mimi huwaambia wasubiri kwanza, halafu nawauliza hivi: yule mhusika wa katuni akiuliza swali, mtoto wako anajibu wakati gani? Baada ya kutajiwa jibu, pamoja na mhusika, au kabla yake?

Wengi hawajawahi kuangalia hilo, nao hawana kosa. Ukiwa jikoni unasikia tu mtoto anapiga kelele "tatu!", basi unajua anajifunza. Lakini wanaotengeneza vipindi vya watoto wadogo wamekuwa wakiuangalia wakati huo wa kujibu tangu mwaka 1969, Sesame Street ilipoanza kule Marekani. Katika kuandaa kipindi hicho walimrekodi James Earl Jones, yule mwigizaji wa sauti nzito ambaye wengi wetu tunamjua kama sauti ya Mufasa, akitaja herufi za alfabeti. Alizitaja taratibu mno. Herufi inatokea kando ya kichwa chake, yeye yuko kimya kidogo, anaitaja, kisha kimya tena kabla ya inayofuata. Mtu mzima anaweza kusinzia. Watafiti walipowaangalia watoto waliona jambo la kuvutia. Mtoto anayeiona mara ya kwanza huitaja herufi baada ya Jones. Akishaiona tena, anaitaja mara tu inapotokea, Jones hajafungua mdomo. Akizidi kuirudia, anaitaja herufi inayofuata hata kabla haijatokea.

Hatua hizo tatu ndizo ninazotaka mzazi azisikilize. Wa kwanza anaiga. Wa pili anaitambua herufi akiiona. Wa tatu ameshika mpangilio mzima. Na hakuna anayetoka hatua ya kwanza kwenda ya tatu kwa kuangalia mara moja, kwa hiyo ukimbadilishia kipindi kila siku unamweka siku zote kwenye kuiga.

Mfano mzuri zaidi wa jambo hili ni Blue's Clues, kipindi cha mtu na mbwa wake wa bluu kilichoanza kurushwa Marekani mwaka 1996. Waandaaji wake walifanya kitu ambacho kituo chochote cha televisheni kingekiogopa: walirusha kipindi kile kile kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ndipo wiki iliyofuata kikaja kingine. Watafiti waliwalinganisha watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokiona kipindi mara moja na waliokiona mara tano. Waliorudia walielewa zaidi, na jambo ambalo mimi nalipenda zaidi ni kwamba walizidi kukijibu kipindi kadiri siku zilivyokwenda. Walikuwa wakipaza sauti, wakinyoosha kidole kwenye kioo. Sisi watu wazima tukirudia kitu tunakaa kimya kwa kukichoka. Mtoto wa miaka minne ndiyo kwanza anachangamka, kwa sababu siku ya kwanza nguvu zake zote zilikwenda kwenye kufuatilia nani ni nani na wanakwenda wapi. Akishayajua hayo, anabaki na nafasi ya kufikiria swali lenyewe.

Sasa kuhusu swali. Kuuliza tu hakutoshi, kwani siku hizi kila katuni inauliza. Kinachotofautisha ni kile kinachofuata baada ya swali. Kipindi kilichopangwa vizuri kinanyamaza. Mhusika anatazama mbele moja kwa moja, muziki unashuka au unakata, na picha inatulia: ndizi haziruki, kipepeo hapiti nyuma. Kile kinachoulizwa kinabaki kwenye kioo ili mtoto aweze kukihesabu au kukitafuta. Kwa watoto wangu, kimya cha sekunde moja hakimsaidii yeyote isipokuwa aliyekwisha kulijua jibu. Mtoto wa miaka mitatu akiulizwa "zipo ngapi?" anahitaji kuelewa swali, kupeleka macho kwenye kitu cha kwanza, kuhesabu, kisha kutamka. Naona sekunde tatu hadi tano zinawatosha wengi kwa vitu vichache. Kwa hiyo jipime mwenyewe: katuni ikiuliza, hesabu kimoyomoyo kwa mwendo wa kawaida, moja, mbili, tatu. Jibu likitoka kabla hujafika mbili, hilo swali limewekwa kama pambo tu.

Angalia pia video fupi zilizokatwakatwa ambazo watu huziweka mtandaoni. Nyingi zimetolewa kwenye vipindi vizuri kabisa, lakini aliyezikata aliondoa vile vimya ili zisionekane zinachelewa, au akaziongeza kasi. Nyimbo zimebaki, rangi zimebaki, na sehemu ya mtoto ndiyo iliyotupwa.

Hapa Dar tuna bahati kwamba vipindi vya aina hii vinatengenezwa hapa hapa kwa Kiswahili. Ubongo Kids ilianza mwaka 2014, na mwaka 2016 ikafuata Akili and Me kwa watoto wa chekechea, yule binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Kitanzania haanzi kwanza kuhangaika na lugha ndipo afike kwenye swali. Wazazi wanaodhani katuni ya Kiingereza itawapa watoto wao vitu viwili kwa mpigo huwa nabishana nao sana. Kwa mtoto ambaye nyumbani anasikia Kiswahili, kile kimya cha sekunde nne kinaliwa chote na kujaribu kuelewa alichoulizwa.

Nikupe mfano wa mtoto wa dada yangu, aliyekuwa ametimiza miaka minne. Alikuwa na katuni yake ya kuhesabu, na kuna kipande ambacho mnyama mmoja anaomba matunda matatu, yanawekwa moja moja, kisha linakuja swali. Mwanzoni alikuwa anasubiri jibu, halafu anasema "tatu" kwa furaha. Baada ya kurudiwa siku kadhaa akawa anasema "tatu" palepale tunda la mwisho linapowekwa. Dada akanipigia simu kwamba mtoto anajua kuhesabu. Nilipokwenda nikamwekea mkeka, nikamwaga machungwa saba, nikamwambia, "Mpe mama machungwa matatu." Akachota kwa mikono miwili na kumpa mama yake matano. Nikasema, "Hebu tuhesabu." Akahesabu bila kukosea, moja, mbili, tatu, nne, tano. "Kwa hiyo umempa mama mangapi?" Akaanza tena, moja, mbili, tatu.

Hii ni hatua ya kawaida kabisa ya umri wake. Alikuwa anaujua mfuatano wa namba, na alikuwa anajua kwamba kwenye kipande kile neno linalotakiwa ni "tatu". Alichokuwa bado hajakipata ni kwamba namba ya mwisho unayoitaja ndiyo idadi ya vitu vyote. Katuni haikuweza kuligundua pengo hilo, maana jibu lake kwenye katuni lilikuwa sahihi kila siku.

Tulichofanya hatukuizima katuni. Tuliendelea na kipindi kile kile, ila mnyama alipouliza, dada alikuwa anasimamisha kwa rimoti na kumpa mtoto vifuniko vya soda: "Tuwekee na sisi vitatu hapa." Akishaweka, wanahesabu pamoja, na dada anamalizia kwa kuvizungushia kidole vyote: "Vyote ni vitatu." Kisha kipindi kinaendelea. Alianzia viwili, akaenda vitatu, vinne akavichukulia muda. Ule uzunguso wa kidole naupendekeza sana, ni kitu kidogo lakini kinamwonyesha mtoto kwamba "tatu" si jina la kifuniko cha mwisho.

Hapo ndipo uwezo wa televisheni unapoishia. Inauliza, inasubiri, kisha inasema "Vizuri sana!" hata kama mtoto amejibu kumi na nane au amekaa anatafuna kucha. Waandaaji wanalijua hilo. Ubongo Kids walijaribu kuliziba kwa watoto wakubwa kidogo, mtazamaji akawa anaweza kutuma jibu kwa meseji ya simu ya kawaida na kurudishiwa majibu. Lakini wa miaka mitatu hatumi meseji, kwa hiyo anahitaji mtu pembeni yake wa kumsikia.

Na mtu huyo, tuseme ukweli, kwa familia nyingi za hapa mjini si mama wala baba. Saa katuni zinapoonyeshwa wao wako kwenye foleni ya magari Barabara ya Mandela. Aliyepo ni dada wa kazi, au bibi. Ukimweleza dada "msimamie mtoto aangalie vipindi vya elimu" hujamweleza kitu. Mpe kazi mbili tu: kwanza, asijibu badala ya mtoto, hata mtoto akichelewa, hilo ni gumu kuliko unavyofikiri, maana ukimya wa katuni humfanya mtu mzima ajisikie kuujaza. Pili, jioni akuambie mtoto alijibu kabla au baada. Nimeona madada wakiwa waangalizi wazuri kuliko sisi walimu walipoelewa wanachotafuta.

Ni lini basi ubadilishe kipindi? Mimi nabadilisha mtoto anapojibu kabla ya kuulizwa na pia anaweza kulifanya jambo lile lile kwa vitu vya nyumbani ambavyo katuni haikuvionyesha. Cha kwanza bila cha pili, endelea na kipindi hicho hicho na ongeza vifuniko. Akiwa haongei tena, macho yamehama, anacheza na kiti, huyo amechoka au kipindi kimemzidi. Kujua ni lipi, mrudishie kipande kimoja tu siku nyingine ukiwa umekaa naye: akilijibu swali papo hapo, alikuwa amechoka, akikutazama wewe usoni kutafuta jibu, kimemzidi, na afadhali kumtafutia cha wadogo zaidi.

Kwa aliye chini ya miaka miwili na nusu hivi, usihangaike na hesabu za kabla na baada. Watoto wa umri huo hujifunza kidogo sana kutoka kwenye kioo ukilinganisha na mtu anayewaonyesha jambo hilo hilo ana kwa ana, hata picha ikiwa safi na kasi ikiwa nzuri. Huyo mpe sufuria na mwiko, ukae naye chini.